Makapu Elfu Ishirini

Riwaya nyingi za stimpanki huanza na dohani. Mwandishi humwonyesha msomaji mji wenye mabomba ya shaba, magurudumu ya meno, moshi uliotanda juu ya mapaa na vyombo vinavyoruka kwa nguvu ya mvuke, kisha hadithi ikaendelea kana kwamba moto huo unawaka wenyewe. Tawi hili la fasihi lilipata jina lake mwaka 1987, K. W. Jeter alipolitumia katika barua kwa jarida moja la Marekani, na tangu hapo limezaa vitabu vizuri. Kimoja kinatuhusu kwa karibu: *Everfair* cha Nisi Shawl, kilichotoka mwaka 2016, kinachowapa watu wa Kongo mashine za mvuke za kumkabili nazo Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Hata hivyo, katika vitabu vingi nilivyovisoma nimekosa jibu la swali ambalo mtu wa pwani huliuliza mapema sana: makaa yameshushwa na nani, na amelipwa nini?

Kwa muda sasa nimekuwa nikijenga bandari ya kubuni kwa ajili ya riwaya. Nimeiita Ras Moshi. Iko kwenye kisiwa cha matumbawe karibu na bara, katika Bahari ya Hindi, na injini zake ni zile ambazo dunia ilikuwa nazo mwaka 1872. Mwaka huo sikuuchagua ovyo. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha vyombo vya Sayyid Barghash. Mwaka huohuo meli za moshi za barua zikaanza kuja kwa ratiba kutoka Aden. Mwaka uliofuata soko la watumwa likafungwa kwa mkataba, na mwaka 1879 waya wa simu ukafika kutoka Aden kupitia chini ya bahari. Kwa hiyo katika muda wa miaka saba mji uliokuwa ukihesabu wakati kwa kaskazi na kusi ulianza kuuhesabu kwa ratiba ya meli. Mwandishi wa stimpanki hahitaji kusafiri hadi London kutafuta mji wa mvuke. Tulikuwa nao, na mivutano yake yote.

Sheria ya kwanza niliyoiwekea Ras Moshi inahusu mikono ya mafundi. Bandari inaweza kutengeneza chochote cha mbao, kamba, chokaa, shaba na shaba nyeupe. Inaweza kukarabati chuma, lakini haiwezi kukifua kutoka kwenye udongo wake wala kukikunja kuwa bamba la boila. Mabamba, mabomba marefu na mihimili hutoka ng'ambo. Mpaka huu unafanana na ulivyokuwa mwambao wetu: maseremala waliunda majahazi na kuchonga milango ambayo mpaka leo tunaitazama kwa mshangao, wafua shaba walikuwepo, lakini kiwanda cha kuyeyusha chuma kwa wingi hakikuwepo. Faida ya mpaka huu katika hadithi ni kubwa. Boila likipasuka ubavu, fundi wa Ras Moshi anaweza kukata kiraka na kukipigilia ribiti, na kiraka hicho kikashika miaka. Kiraka cha tatu mahali palepale hakishiki. Hapo bandari lazima iagize boila jipya, na anayeliuza ng'ambo anakuwa na sauti ndani ya baraza la mji hata kama hajawahi kufika.

Vyombo vya kuruka nimevikataa. Mwaka 1852 Mfaransa Henri Giffard alisafiri angani kilomita 27 kutoka Paris kwa puto refu lenye injini ya mvuke ya nguvu ya farasi 3. Alifika salama, ila hakuweza kurudi kwa njia aliyojia kwa sababu injini yake haikushinda upepo. Ukikiweka chombo kama hicho mbele ya kusi ya mwezi wa Julai, kitaishia popote upepo utakapo.

Baada ya chuma lilikuja suala la moto, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote. Chukua mashine za bandari yenyewe: winchi mbili za gatini, pampu ya chelezo, kinu cha kukamua nazi na meli mbili ndogo za kuvuta nyingine. Tuziweke zote pamoja kuwa nguvu ya farasi 200. Injini za kawaida za enzi ile zilikula kiasi cha kilo 2 za makaa ya mawe kwa kila nguvu ya farasi kwa saa moja. Zikifanya kazi saa 10 kwa siku, Ras Moshi inachoma tani 4 za makaa kila siku. Kuni kavu zina karibu nusu tu ya joto la makaa ya mawe kwa uzito uleule, kwa hiyo bila makaa mji unahitaji tani 8 za kuni kwa siku, yaani tani 2,400 kwa mwaka wenye siku 300 za kazi.

Kisiwa cha matumbawe hakina misitu mikubwa, ila bara iliyo mkabala ina delta yenye mikoko. Mti huu ni mzito, unawaka kwa joto kali na unaota tena ukitunzwa. Kule Matang, Malaysia, wamekuwa wakiukata na kuupanda kwa mpango tangu mwaka 1902, kila eneo likiachwa kama miaka 30 kabla ya kukatwa tena. Nimekadiria kwamba hekta moja iliyoachwa miaka hiyo 30 inatoa tani 120 za kuni zilizokauka. Basi mashine za bandari zinataka hekta 20 kila mwaka, na msitu wote unaohitajika ili mzunguko usikatike ni hekta 600. Delta inaweza kubeba mzigo huo bila kuchakaa.

Hesabu inaharibika pale meli ya moshi ya safari ndefu inapotaka kujaza ghala lake. Meli ya namna hiyo inaomba tani 500 za makaa. Kwa kuni ni tani 1,000, na hata ukizipata, hazitaenea ndani ya meli bila kufukuza shehena. Zikija meli 40 kwa mwaka na zote ziwashiwe kuni, mzunguko wa miaka 30 unadai hekta 10,000 za mikoko. Hiyo ni kama sehemu ya tano ya mikoko yote ya delta ya Rufiji, ambayo ni mikubwa kuliko mingine yote katika pwani yetu. Kuchoma mkaa wa miti hakuokoi chochote, kwa sababu tanuri la udongo linameza tani 5 za kuni au zaidi ili litoe tani moja ya mkaa. Mafuta ya nazi yanawaka vizuri sana, lakini tani moja inataka nazi zipatazo 8,000, na mji unaochoma nazi zake kwenye boila utapika nini?

Nikaamua, kama historia ilivyoamua, kwamba Ras Moshi iwe na moto wa aina mbili. Mashine za mji zinawaka kwa kuni za mikoko. Meli za ng'ambo zinawaka kwa makaa ya mawe kutoka Wales, yaletwayo na merikebu za matanga kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya zaidi ya miezi mitatu. Ndivyo vituo vya makaa kama Aden vilivyolishwa. Merikebu ya tanga haili mzigo inaoubeba, hivyo kwa miaka mingi ilikuwa njia rahisi kuliko zote ya kusafirisha makaa ya kuilisha meli ya moshi. Kwa meli zangu 40 natakiwa kuleta tani 20,000 kwa mwaka, sawa na merikebu 20 za tani 1,000 kila moja.

Uamuzi huo ulileta matabaka kabla sijaandika jina la mhusika hata mmoja. Wafanyabiashara wa boriti, ambao kwa vizazi wamepeleka nguzo za mikoko Uarabuni na Ghuba kuezekea nyumba, sasa wanagombania mti uleule na mwenye mashine. Boriti iliyonyooka ina bei kubwa kuliko kuni, ila mwenye mashine ananunua hata iliyopinda, na ananunua kila siku. Wakataji wa delta waliokuwa wakifanya kazi kwa msimu, wakisubiri majahazi, sasa wanatakiwa mwaka mzima, wakisimama kwenye tope hadi magotini masika na kiangazi. Na wenye majahazi, ambao kila riwaya ya mvuke huwapa kifo cha haraka, hapa wanapata kazi mpya ya kuvusha kuni. Hawaipendi meli ya moshi, lakini wanakula kwa ajili yake.

Tatizo la maji nililiona baadaye kuliko la moto, na linauma zaidi. Injini isiyorudisha mvuke wake hutumia kama kilo 15 za maji kwa kila nguvu ya farasi kwa saa. Mashine zetu za farasi 200 zinakunywa lita 30,000 kwa siku. Kwenye kisiwa cha matumbawe maji matamu ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya chumvi ndani ya mwamba, na ukichota kupita kiasi kisima kinageuka. Ukimpa kila mtu lita 15 za kunywa, kupikia na kutawadhia, mashine zinakunywa maji ya watu 2,000.

Mwenye mashine anaweza kutumia maji ya bahari, na meli za mwanzo zilifanya hivyo. Maji ya bahari yana kiasi cha sehemu moja ya chumvi katika kila sehemu 32. Maji yakichemka chumvi hubaki, kwa hiyo fundi hupima ukali wa chumvi ndani ya boila, na ukifika maradufu ya bahari hufungua bomba la chini na kumwaga. Kwa mpango huo nusu ya maji yote yanayoingia hutoka yakiwa yamekwisha kupashwa moto, na kuni zilizoyapasha zinapotea pamoja nayo. Akizembea kumwaga, gamba gumu hujijenga juu ya bamba. Maji ya visima vyetu nayo, kwa kuwa yamepita kwenye mawe ya chokaa, huacha gamba lake. Dalili ya kwanza ni kwamba kuni za jana hazitoshi leo, ingawa kazi ni ileile. Baadaye bamba, lililotengwa na maji kwa lile gamba, linapata joto lisilostahimilika, linalegea na kuanza kuvimba kuelekea motoni. Mchochea moto mwenye uzoefu huuona uvimbe huo kupitia mlango wa tanuru kabla ya msimamizi wake kuusikia. Akinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa, watu watakufa.

Kuna chombo cha kurudisha mvuke kuwa maji kwa kuupitisha kwenye mirija inayopozwa na bahari. Kwa mwaka 1872 kilikuwa kimeenea katika meli mpya. Mashine za Ras Moshi ni za mtumba, zilizouzwa na wenye meli walipopata bora zaidi, na hazina chombo hicho. Mirija yake ni ya shaba nyeupe, hivyo mafundi wetu wanaweza kukiunda. Anayekataa ni mwenye mashine, kwa kuwa anachota kisima bure na chombo kingemgharimu fedha. Sayyid Barghash aliwaletea watu wa mji wa Unguja maji ya mfereji kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na jina lake linatajwa kwa wema huo mpaka leo. Katika Ras Moshi nimeuweka mfereji kama huo, ila bomba lake la kwanza linafika kwenye mashine na la mwisho linafika kwa watu. Wanawake wanaosubiri na ndoo zao alfajiri wanasikia pampu ikifanya kazi, na wanajua maji yanakoelekea.

Ramani ya mji ilichorwa na pepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki kwa muda mrefu wa mwaka uliobaki. Pepo zote mbili husukuma moshi kuelekea magharibi, mara upande wa kusini magharibi, mara kaskazini magharibi. Basi mtaa wa mashariki unakaa msafi mwaka mzima na mtaa wa magharibi unakaa gizani. Katika mji unaotazama bara kutoka kisiwani, kama Unguja mjini, magharibi ndiko kwenye bandari, na ndiko wakubwa walikojenga majumba yao ili watazame vyombo vikiingia. Wakiyaweka maboila nyuma ya mji, walikozoea kuwaweka maskini, moshi unawaangukia wao wenyewe miezi yote. Wakiyaweka mbele, ukingoni mwa maji, moshi unaenda baharini lakini dohani zinasimama mbele ya baraza zao. Sikuona njia ya tatu. Niliwaacha wabishane katika sura nzima, na mwishowe wakachagua kuyaweka mbele na kuhamisha majumba yao mashariki, kwenye ardhi ya wavuvi na wakulima wadogo. Waliofukuzwa huko walihamia kwenye majumba yaliyoachwa, chini ya dohani, familia sita katika nyumba iliyojengewa moja.

Sasa nifike gatini.

Meli imeingia na maji ya asubuhi. Mlango wa bandari ni mfereji mwembamba kati ya miamba, na meli kubwa haipiti ila maji yakijaa. Yamejaa saa 12 asubuhi. Yatajaa tena saa 12 na dakika 25 jioni. Meli inataka tani 500 za makaa, na nahodha anataka kuondoka jioni hiyohiyo, kwa sababu ana barua, ana ratiba, na kila saa anayokaa moto wake unaendelea kuwaka. Gati ni la mbao, winchi ni dhaifu na zimeshikwa na shehena, kwa hiyo makaa yanabebwa kichwani. Kapu moja ni kilo 25. Tani 500 ni makapu 20,000. Wachukuzi ni 200, kila mmoja makapu 100. Safari moja, kutoka lundoni hadi shimo la makaa la meli na kurudi, pamoja na kujaziwa na kumwaga, ni dakika 6. Wakianza saa 1 asubuhi bila kupumzika watamaliza saa 11 jioni, na saa moja na dakika 25 zinazobaki zinatosha kufunga mashimo na kung'oa nanga.

Naomba msomaji aitafakari hesabu hiyo kidogo. Mtu mmoja ametembea safari 100 na amebeba tani mbili na nusu kwa shingo yake. Vumbi limemwingia machoni na kifuani. Kule Kingston, Jamaika, kazi hii ilifanywa na wanawake, makapu yakiwa kichwani. Katika Unguja ya karne ya 19, wengi wa vibarua wa mjini walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao kwa siku, na sehemu ya ujira wao ilirudi kwa bwana jioni. Nimeiweka hali hiyo ndani ya Ras Moshi ilivyokuwa, kwa sababu riwaya ya mvuke ya pwani yetu inayoificha itakuwa imewadhulumu watu haohao mara ya pili.

Ila hesabu hiyohiyo ina upande mwingine, na ndio ulionifanya niendelee kuandika. Wakiondoka wachukuzi 50 kati ya 200, kila aliyebaki atabeba makapu 133, na kazi itaisha saa 2 na dakika 20 usiku. Maji yatakuwa yameanza kupwa kitambo, na meli italala. Hata wakiondoka 30 tu, kazi itaisha kama dakika 20 baada ya maji kujaa, mkondo ukiwa umeanza kurudi na mashimo bado wazi. Watu 30 wasio na silaha, wasiojua kusoma, wanaweza kuizuia meli ya moshi usiku mzima kwa kukaa kitako.

Katika bandari ya majahazi jambo hili halikuwezekana. Jahazi lilisubiri msimu wake miezi kadhaa. Wapagazi wakigoma siku 3, nahodha alitandika mkeka akanywa kahawa. Mvuke uliwanyang'anya matajiri subira yao. Waliunganisha faida yao na saa, na saa hiyo ikawa mikononi mwa mbeba kapu. Katika Ras Moshi anayeligundua hili si msomi wala mhubiri. Ni msimamizi wa makapu, mtu anayempa kila mchukuzi kete moja kwa kila kapu analomwaga, ili jioni kete zihesabiwe na ujira ulipwe. Yeye ndiye pekee anayejua kwa wakati mmoja idadi ya makapu na saa ya maji. Nimempa mke anayesubiri maji alfajiri kwenye bomba la mwisho la mfereji, kwa hiyo ana sababu zaidi ya moja.

Wenye makaa hawakai bure. Wanajaribu kwanza kupunja: wanamwagia lundo maji usiku ili kapu liwe zito, na nahodha anauziwa maji kwa bei ya makaa. Mzigo unaongezeka shingoni mwa mchukuzi bila kete yake kuongezeka. Wanarundika makaa juu kupita kiasi ili kuokoa kodi ya uwanja. Makaa ya mawe yakirundikwa juu hupata joto ndani kwa ndani hadi kuwaka yenyewe, hasa yakiwa na vumbi jingi, na mlinzi wa lundo hujua hatari kwa kuchomeka nondo katikati, kuiacha muda, kisha kuichomoa na kuishika. Ikimchoma mkono, lundo livunjwe upesi. Wanaolivunja ni wachukuzi haohao, usiku, bila kete. Mwishoni matajiri wanaagiza winchi kubwa ya mvuke ya kubebea makaa. Inafanya kazi ya watu 100, na matajiri wanadhani wamejikomboa. Lakini winchi ina mwendeshaji mmoja, mchochea moto mmoja na fundi mmoja, na hao watatu wakikaa kitako meli inalala vilevile. Uwezo umehama kutoka kwa wengi kwenda kwa wachache. Chuki kati ya wachukuzi 100 waliofukuzwa na mafundi 3 wanaolipwa vizuri ndiyo silaha kali kuliko zote walizowahi kuzipata matajiri, na katika rasimu yangu wanaitumia kikamilifu.

Hili sikulibuni lote. Mombasa ilisimama Januari 1947, na Unguja mwaka 1948, migomo iliyotoka bandarini ikaenea mji mzima. Adam Shafi aliiandika ile ya Unguja katika riwaya yake *Kuli*, iliyotoka mwaka 1979. Naiona riwaya hiyo kuwa ndiyo mzazi wa bandari yangu kuliko kitabu chochote cha stimpanki, ingawa haina dohani za kufikirika. Ina kile ninachokitafuta: mzigo wenye uzito unaojulikana, na mtu anayeubeba.

Nimeamua kwamba mgomo wa Ras Moshi utashinda nusu. Bomba la kwanza la mfereji litahamishiwa kwa watu, na mwenye mashine atalazimika kuunda chombo cha kurudisha mvuke, kazi ambayo mafundi wetu wa shaba wanaiweza. Winchi itabaki. Wachukuzi 100 hawatarudi gatini. Wengi wao watavuka kwenda delta kukata mikoko, na hekta 20 za kila mwaka zitakuwa 30, kisha 40, kwa sababu vibarua ni wengi na ni rahisi. Wajukuu wao ndio watakaolipa deni la msitu huo.

Kuna sehemu ambazo hesabu haiwezi kunipa, na naziomba kwako. Kama una babu, mjomba au jirani aliyefanya kazi bandarini Unguja, Mombasa, Tanga, Lamu au Dar es Salaam, kaa naye umuulize: gunia lilikuwa na uzito gani, nani alihesabu, walilipwa kwa siku au kwa mzigo, walikula nini saa 6 mchana, na siku waliyogoma nani alisema neno la kwanza. Yaandike majibu yake, na uzito uuandike kwa kilo.